Waandishi Wanne, Kitabu Kimoja

Watu wanne wakiandika kitabu kimoja, na mmoja wao akapewa kazi ya kuziunganisha sura zote ziwe mwili mmoja, ana haki ya kubadili kiasi gani cha maneno ya wenzake? Mara nyingi swali hili halisemwi. Kazi yenyewe huitwa ya mkono tu: kusawazisha ukubwa wa herufi, kupanga vichwa vya habari, kurekebisha tahajia. Hukabidhiwa yule aliye mdogo kwa umri au aliye na kompyuta nzuri kuliko wengine, naye huambiwa aifanye kwa siku mbili tatu. Walakini katika siku hizo mbili tatu hupita mikononi mwake kila sentensi ambayo wenziwe waliitolea jasho, na hakuna anayesimama nyuma yake kumtazama.

Kwa kuwa jambo hili halifahamiki vema mpaka lionekane katika kazi, na lichukuliwe kitabu kimoja kiwe mfano. Habari yake ni malipo waliyotozwa watu wa pwani na bara tangu karne ya 19 mpaka leo. Sura ya kwanza iliandikwa na mzee wa Unguja, ya pili na mwalimu wa Dar es Salaam, ya tatu na mhasibu wa Nairobi, na ya nne na kijana wa Mombasa aliyezungumza na wafanya biashara wakongwe wa sokoni. Mzee wa Unguja alifariki baada ya kuikamilisha sura yake, kabla sura hizo nne hazijaunganishwa. Mwunganishi ni mwalimu wa Dar es Salaam.

Miswada minne ilipomfikia, haikufanana hata kidogo. Wa mzee ulikuwa katika chapa ya Times New Roman, vichwa vyake vyote vimeandikwa kwa herufi kubwa tupu. Mhasibu alitumia Calibri, na vichwa vyake alivipa namba kwa mkono: 3.1, 3.2, na kuendelea. Kijana wa Mombasa alikoza kila alichokipenda, hata ikawa vigumu kujua kama mstari mnene ni kichwa cha habari au ni mkazo wa maneno ndani ya aya. Mwalimu peke yake ndiye aliyetumia mitindo iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe, yaani `Heading 1` kwa sura, `Heading 2` kwa sehemu ya sura, na `Normal` kwa maelezo.

Tofauti kati ya mwalimu na wenziwe ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho. Mtu anayekoza mstari na kuukuza ameipaka karatasi rangi tu. Kompyuta haijui kwamba mstari ule ni kichwa. Anayeuambia mstari kuwa ni `Heading 2` ametaja cheo chake, na sura ya herufi inafuata cheo hicho. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwunganishi si kubadili sura za herufi, bali ni kuuliza kila mstari cheo chake. Akishajua vyeo, sura huja kwa amri moja kwa kitabu kizima. Akianza na sura, atapaka rangi mstari mmoja baada ya mwingine kwa kurasa mia mbili, na mwisho wa kazi bado hatakuwa na hakika.

Utaratibu unaofaa ni huu. Miswada ya asili huwekwa kando, isiguswe kamwe, na kazi hufanywa juu ya nakala. Hati mpya tupu hufunguliwa, na ndani yake mitindo yote itakayohitajiwa hutengenezwa mapema: vyeo vitatu vya vichwa, maelezo ya kawaida, dondoo refu, na tanbihi. Kisha mswada mmoja baada ya mwingine huletwa ndani, na kila aya hupewa cheo chake. Sura moja ikamilike kabla ya nyingine kuletwa, maana makosa ya sura nne yakichanganyika hayatafutiki. Mwisho kompyuta huamriwa kutoa orodha ya yaliyomo kutokana na vichwa. Orodha hiyo ni shahidi asiye na upendeleo. Kichwa kilichosahauliwa hakitaonekana humo, na mkazo uliodhaniwa kuwa kichwa utatokea kama sehemu ya sura yenye maneno matatu. Katika sura ya kijana wa Mombasa, orodha ya kwanza ilitoa vichwa ambavyo havikuwa vichwa, kimoja wapo kikiwa jina la samaki.

Hapa kuna mtego unaowanasa wenye haraka. Mtu akichoka na fujo ya miswada hutamani kuifuta sura yote kwa mara moja, abaki na maneno matupu. Kompyuta inamruhusu: akibandika maandishi kwa njia iitwayo `Keep Text Only`, chapa zote huondoka. Lakini huondoka pamoja na tanbihi, na pamoja na herufi za mlazo. Mzee wa Unguja aliandika kwa mlazo majina ya vitabu na maneno ya Kiarabu ambayo hakutaka yasomwe kama Kiswahili. Kwake mlazo haukuwa pambo, bali ulikuwa na maana kama nukta au alama ya kuuliza. Ukifutwa, sentensi husimama bado, ila inasema jambo jingine. Kinga yake si ngumu. Kabla ya kufuta lolote, maneno yote yenye mlazo hutafutwa na kuzungushiwa alama isiyotumika mahali pengine po pote kitabuni, kwa mfano `@@`, na idadi yake huandikwa. Baada ya usafi alama hugeuzwa kuwa mlazo tena, na idadi huhesabiwa mara ya pili. Idadi mbili zisipolingana, kuna neno lililopotea, na halina budi kutafutwa mpaka lionekane.

Kuna mtego wa pili unaofanana na huo, nao unahusu mapendekezo yasiyoamuliwa. Waandishi waliosomeana sura huacha ndani yake masahihisho ya rangi, yaliyowekwa na chombo kiitwacho `Track Changes`. Mwunganishi akibonyeza `Accept All` ili ukurasa uwe safi, amekata shauri mia kwa kidole kimoja, na pengine mengine yalikuwa ugomvi ambao wenyewe hawajaumaliza. Kila pendekezo la namna hiyo lirudishwe kwa mwenye sura kabla ya kuunganisha.

Baada ya chapa na vichwa huja tahajia, na hapa ndipo kazi inapoacha kuwa ya mkono. Mzee wa Unguja aliandika *khabari*, *khasa*, *khatari* na *khiari*, kama walivyoandika wengi wa rika lake waliosoma Kiarabu chuoni. Wenzake watatu waliandika *habari*, *hasa*, *hatari* na *hiari*. Kitabu kimoja chenye faharasa moja hakiwezi kubeba yote mawili, kwani msomaji atakayetafuta neno chini ya H hatajua kwamba nusu ya mahali lilipotajwa pamefichwa chini ya K. Basi mwalimu aliamua kufuata *h*. Angaliamuru kompyuta igeuze kila *kh* kuwa *h*, kazi ingalikwisha mara moja, na Khamis angaliitwa Hamis, Khadija angaliitwa Hadija, na kila sheikh kitabuni angalikuwa *sheih*. Hata kugeuza neno moja moja kuna hatari yake. Neno *kheri* katika maelezo laweza kuwa *heri* bila hasara, lakini nahodha aitwaye Kheri ana jina alilopewa na wazazi wake, na hakuna kamati yenye mamlaka juu yake. Vile vile barua ya zamani iliyodondolewa na mzee, yenye *khabari* ndani yake, ni ushahidi. Aliyeiandika hakuandika vinginevyo. Kwa hiyo badiliko hufanywa mahali pamoja pamoja, jicho likiwa juu ya kila neno, na majina na madondoo yakirukwa.

Alama ndogo kuliko zote ndiyo iliyosumbua zaidi. Neno *ng'ombe* liliandikwa kwa namna nne: kwa alama iliyonyooka, kwa alama iliyopinda, kwa alama ya mshazari iliyo pembeni mwa kinanda, na bila alama. Jicho la msomaji halioni tofauti kubwa kati ya hizo tatu za kwanza, lakini kwa kompyuta ni herufi tatu mbalimbali, na katika faharasa ng'ombe mmoja aweza kuwa watatu. Sauti yenyewe ndiyo inayosaidia kuzitafuta. Katika maneno ya Kiswahili, *ng* hufuatwa na irabu au na *w*. Ikifuatwa na kitu kingine, kitu hicho karibu kila mara ni alama inayotafutwa. Katika LibreOffice Writer, utafutaji wa kanuni ukiwashwa, amri ni fupi:

```
ng[^aeiouw]
```

Amri hii itazitoa alama zote tatu, na pamoja nazo majina ya kigeni kama Livingstone, ambayo mtafutaji huyaruka. Haitaweza kulitoa neno lililoandikwa bila alama yo yote, kwa sababu *ngoma* na *nguo* ni sahihi bila alama. Tena *ng'oa* ni kutoa kitu na mizizi yake, na *ngoa* ni tamaa au wivu. Mtu akiweka alama mahali pote bila kusoma, mwenye kulia ngoa atakuwa analia kwa jambo lisiloeleweka. Kwa maneno hayo hakuna dawa ila kusoma.

Waswahili wenyewe wamekwisha kupitia jambo hili kwa lugha nzima. Edward Steere alitoa kitabu chake cha lugha ya Unguja mwaka 1870, na kamusi ya Ludwig Krapf, iliyokusanywa kwa msemo wa Mombasa, ikatoka mwaka 1882. Wawili hao hawakupatana hata katika jina la lugha: Steere aliandika Swahili, Krapf akaandika Suahili. Mkutano wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 na ule wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikata shauri kwamba Kiunguja kiwe msingi, na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikachukua jukumu la kusanifisha maandishi ya vitabu vya shule. Faida yake haikanushiki, kwani mtoto wa Kigoma na wa Lamu walianza kusoma kitabu kimoja. Lakini wenye Kimvita walibaki na neno la kusema, wala halikuwa neno la chuki tu. Walisema kwamba lililosahihishwa halikuwa kosa. Mwalimu aliyebadili *khabari* za mzee alikuwa katika hali hiyo hiyo, na ni haki kwake kukumbuka kwamba alikuwa anachagua, si kwamba alikuwa anaondoa ujinga.

Sasa kuna neno *ushuru*, ambalo lilikaribia kuharibu kitabu. Mwalimu alipoiona sura ya mhasibu wa Nairobi imejaa *ushuru*, na yake mwenyewe imejaa *kodi*, alidhani ni tofauti ya mazoea kama *khabari* na *habari*. Kwa sehemu dhana yake ilikuwa sawa. Katika Kenya neno *ushuru* limeenea kwa malipo yote ya serikali, hata yale yanayokatwa katika mshahara. Katika Tanzania malipo hayo huitwa kodi. Basi kugeuza *ushuru* wa mhasibu kuwa *kodi* kungaliweza kutetewa. Lakini mzee wa Unguja naye aliandika *ushuru*, akikusudia malipo ya forodhani, kama ile asilimia 5 ya bidhaa zilizoshushwa iliyokubaliwa katika mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa mwaka 1833. Ushuru wake haukuwa kodi. Ulilipwa na mwenye mali kwa ajili ya mali yake, bandarini, wala haukumfuata mtu nyumbani. Na sura ya pili, ya mwalimu mwenyewe, ilieleza kodi iliyoanza kutozwa na Wadachi mwaka 1898 kwa kila nyumba na kibanda, ambayo ilimfuata mtu hata kama hakuwa na kitu cha kuuza. Hoja ya kitabu kizima ilikuwa katika tofauti hiyo: namna utawala ulivyoacha kutoza bidhaa peke yake ukaanza kumtoza mtu kwa kuwa na paa. Badiliko moja la neno, lililofanywa kwa nia njema ya kusawazisha, lingaliifuta hoja bila kuacha alama. Tena sentensi zote zingalikuwa safi.

Zaidi ya hayo, mwalimu mwenyewe aliita malipo yale *kodi ya nyumba*. Mhasibu alipoisoma akacheka, kwa sababu kwake, na kwa wengi wa Dar es Salaam pia, kodi ya nyumba ni pesa ya mpangaji kwa mwenye nyumba. Mwunganishi aliyekuwa akiwinda mazoea ya wenzake hakuwa ameliona la kwake. Hili ni la kawaida, maana kila mtu husikia lafudhi ya wengine.

Kutokana na mfano huu mpaka waonekana, ingawa si mnyoofu. Chapa, ukubwa wa herufi, cheo cha vichwa na alama za *ng'* ni nguo. Mwandishi hakuzichagua ili aseme jambo, na ye yote angalimruhusu mpiga chapa kuzibadili. Maneno yenye kubeba maana ya hoja si nguo. Tahajia iko katikati, na yafaa iamuliwe kwa karatasi moja ya masharti inayosomwa na wote kabla ya kazi kuanza: *h* badala ya *kh* isipokuwa katika majina na madondoo, miaka na asilimia kwa tarakimu, na kadhalika. Kuhusu istilahi, karatasi hiyo isiseme tu neno lipi litumike, bali iseme na maana yake. Katika kitabu hiki waandishi watatu waliobaki walikubaliana kwamba *ushuru* uwe wa forodha na wa soko, *kodi* iwe ya mtu, ya mapato na ya makazi, na ile ya mwaka 1898 iitwe *kodi ya kibanda*. Mhasibu alikubali kwa sharti moja, kwamba majina ya idara na sheria za Kenya yabaki kama yalivyo, na mwanzoni mwa sura yake pawe na maelezo mafupi yanayomwambia msomaji wa Kenya kwamba *kodi* humu ni kile anachokiita ushuru. Sharti lake lilikuwa la haki, likafuatwa.

Lililokuwa gumu zaidi ni neno *mimi*. Kijana wa Mombasa aliandika, "Nilikaa na mzee huyu siku tatu," na, "Nilikiona kitabu chake cha hesabu." Sura nyingine hazina mimi ndani yake. Kitabu kikitoka na majina manne juu ya jalada, huyo *mimi* ni nani? Mwalimu alijaribu kwanza *sisi*, na sentensi ikapata adabu ya kitabu cha wengi. Lakini watatu kati ya wanne hawakumwona mzee yule, wala hawakukishika kitabu chake. Kusema "tulikiona" ni kumzidishia msomaji mashahidi, na mwenye kutaka kuuliza juu ya kitabu kile hatajua amwulize nani. Akajaribu kuondoa nafsi kabisa: "kitabu cha hesabu kilionekana." Hii nayo ilificha mkono wa pekee uliofanya kazi. Mwishowe aliacha *mimi* wote katika sura ya nne, akaweka jina la kila mwandishi chini ya kichwa cha sura yake. Kitabu kikapoteza kidogo umoja wa sauti. Wako watakaosema kwamba hapo mwunganishi alishindwa, nao wana sababu yao, maana masikio hustuka kukutana na *mimi* baada ya kurasa mia na hamsini. Lakini mstuko huo unamfahamisha msomaji jambo la kweli, kwamba mtu mwingine sasa anasema naye.

Yalibaki maneno ya marehemu. Walio hai waliweza kuulizwa, na mwalimu alimpelekea kila mmoja sura yake katika nakala mbili, ya zamani na mpya, pamoja na orodha ya mabadiliko yote yaliyogusa maneno. Yaliyogusa chapa hayakuorodheshwa, kwa kuwa yangaliifunika orodha. Mzee hakuweza kuulizwa. Kijana alishauri sura yake iachwe kama ilivyo kwa heshima, hata herufi zake kubwa. Mhasibu alisema kumwacha peke yake na vichwa vya namna nyingine ni kumfanya mgeni katika kitabu chake mwenyewe. Waliamua hivi: chapa na vichwa vyake vifuate vya wengine, *kh* yake igeuke katika maelezo, na dibaji iseme wazi kwamba imegeuzwa na nani, mlazo wake, majina yake na madondoo yake yasiguswe. Tena palikuwa na sentensi mbili ambazo mwalimu aliamini zina kosa la mwaka. Hakuzisahihisha ndani ya maelezo. Aliziacha, akaandika tanbihi chini yake kwa herufi za kwanza za jina lake mwenyewe, ili ijulikane ni nani asemaye.

Kazi ya mwisho ilifanywa na watu wawili mezani. Mmoja alisoma mswada wa asili wa mzee kwa sauti, pole pole, nukta na mikato pamoja, na mwenziwe alifuata kwa kidole katika hati iliyounganishwa. Walikwenda hivyo kwa siku mbili. Katika ukurasa wa thelathini na kitu walimkuta nahodha Kheri mahali pamoja amekuwa Heri, baada ya mara tisa ambazo jina lake lilikuwa limesalimika. Wakamrudishia jina lake, wakaendelea.